Siku 25 Zilizozidi

Ukifungua kampuni Uingereza, sheria inakuchagulia siku ya kufunga hesabu zako kabla hujaulizwa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2006 inasema hesabu za kampuni mpya zitafungwa siku ya mwisho ya mwezi ilimosajiliwa, mwaka unaofuata. Kampuni iliyosajiliwa tarehe 6 Septemba 2023 itafunga hesabu zake za kwanza tarehe 30 Septemba 2024. Hesabu kwa kalenda: ni mwaka mzima na siku 25 juu yake.

Kwa Companies House, yaani msajili wa makampuni, siku hizo si tatizo. Hesabu za kwanza zinaruhusiwa kuwa za kipindi kirefu hadi miezi 18, mradi kizidi miezi sita. Lakini HMRC, mamlaka ya kodi, ina sheria yake: kipindi cha kutozea kodi ya kampuni hakiwezi kuzidi miezi 12, kwa sababu yoyote ile. Kwa hiyo kitabu kimoja cha hesabu kinazaa vipindi viwili vya kodi, na kila kipindi kina ritani yake, ile fomu iitwayo CT600. Wafanyabiashara wengi, wakiwemo Waswahili walioko huko, hulijua hili pale mtandao wa kodi unapoikataa ritani ya miezi 12 na siku kadhaa.

Makala haya yanahusu kampuni tu. Mtu anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe hupimwa kwa mwaka wa kodi unaoishia 5 Aprili, na hesabu yake ina kanuni nyingine.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kubuni inayopika vyakula vya sherehe mjini Leicester: pilau, biriani, sambusa za harusi. Imesajiliwa 6 Septemba 2023 na ikaanza kupika siku hiyo hiyo. Mpaka 30 Septemba 2024, faida yake kabla ya kutoa nafuu ya uchakavu wa vifaa ni pauni 78,200. Desemba 2023 ilinunua oveni kubwa ya pauni 9,000. Juni 2024 ikanunua gari la haibridi la pauni 15,000, lenye moshi usiozidi gramu 50 za kaboni kwa kilomita.

Kipindi cha kwanza cha kodi kinaanza 6 Septemba 2023 na kuishia 5 Septemba 2024. Kina siku 366, maana Februari ya 2024 ilikuwa na siku 29. Kipindi cha pili ni mkia uliobaki, kuanzia 6 hadi 30 Septemba 2024, siku 25. Jumla ni siku 391.

Faida ya biashara hugawanywa kwa siku. Pauni 78,200 ukizigawa kwa 391 unapata pauni 200 kwa siku, hivyo kipindi cha kwanza kinabeba pauni 73,200 na mkia unabeba 5,000. Kwa kawaida huna haja ya kuchambua ankara kutafuta harusi ipi iliangukia wapi. Hata kama Septemba hiyo jiko lilikuwa kimya, mkia utapewa fungu lake kwa siku.

Nafuu ya uchakavu haifuati mkondo huo, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Yako madaftari ambamo nafuu zote zimetolewa kwanza kwenye faida ya miezi yote, kisha kilichobaki kikagawanywa kwa siku. Mpangilio huo ni kinyume. Unagawa faida kwanza, ikiwa bado haijaguswa na nafuu yoyote. Baada ya hapo kila kipindi kinahesabiwa nafuu yake peke yake, kwa kuangalia kifaa kilinunuliwa lini na kipindi chenyewe kina urefu gani.

Oveni ilinunuliwa ndani ya kipindi cha kwanza. Vifaa vya namna hiyo hupata nafuu ya uwekezaji ya mwaka, ambayo hukuruhusu kutoa bei yote mara moja hadi kikomo cha pauni milioni moja kwa miezi 12. Pauni 9,000 zote zinatoka kwenye kipindi cha kwanza na mkia haupati kitu. Lau ingenunuliwa 12 Septemba 2024, zote zingeangukia kwenye mkia, ambako kikomo kinapunguzwa kwa kadiri ya siku na kuwa kama pauni 68,500. Oveni ingeenea bila shida, lakini faida ya pauni 5,000 ingegeuka kuwa hasara, na kampuni ingelazimika kuomba hasara hiyo irudishwe nyuma kwenye kipindi cha kwanza. Inaruhusiwa, ila ni kazi ya ziada iliyoletwa na wiki moja tu ya kuchelewa kununua.

Gari ni jambo jingine. Magari madogo hayaingii kwenye nafuu ile ya mara moja. Gari kama hili hupewa nafuu ya kila mwaka ya thamani inayobaki, na kiwango kilichotumika miaka hiyo kilikuwa asilimia 18. Kipindi cha kwanza kinatoa asilimia 18 ya 15,000, yaani pauni 2,700. Msomaji makini atauliza: gari si limenunuliwa Juni, miezi mitatu tu kabla ya kipindi kuisha? Ni kweli, na bado kampuni inapata nafuu kamili. Kinachopunguza nafuu hii ni urefu wa kipindi cha kodi. Muda ambao gari limekaa mikononi mwako hauhesabiwi. Ninalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaojinyima haki yao kwa kugawa nafuu kwa miezi ya umiliki, na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia wamelipa kodi kupita kiasi.

Kwenye mkia, thamani ya gari iliyobaki ni pauni 12,300. Asilimia 18 yake ni 2,214, lakini hiyo ni ya mwaka. Kwa siku 25 unachukua 25 kati ya 365, unapata kama pauni 152.

Sasa kipindi cha kwanza kina faida ya kutozwa kodi ya 73,200 kutoa 9,000 kutoa 2,700, yaani pauni 61,500. Mkia una 5,000 kutoa 152, yaani pauni 4,848.

Tangu 1 Aprili 2023 kampuni yenye faida isiyozidi pauni 50,000 hulipa asilimia 19, na yenye faida inayozidi 250,000 hulipa asilimia 25. Aliye katikati huanza na asilimia 25 kisha hupunguziwa: unachukua tofauti kati ya 250,000 na faida yako, unazidisha kwa 3 na kugawa kwa 200. Kwa pauni 61,500, asilimia 25 ni 15,375, punguzo ni 2,827.50, na kodi inabaki pauni 12,547.50.

Ukiutazama mkia haraka utasema: pauni 4,848 ni kidogo mno, bila shaka ni asilimia 19. Sivyo. Mipaka ile miwili nayo hugawanywa kwa siku. Kwa siku 25, ule wa 50,000 unakuwa kama 3,425, na ule wa 250,000 unakuwa kama 17,123. Kumbe pauni 4,848 zimeshavuka mpaka wa chini. Kodi yake inafika kama pauni 1,028, badala ya 921 ambazo mtu angelipa kwa kudhani ni asilimia 19. Tofauti ni pauni 107. Si fedha za kufunga biashara, lakini ni deni, na deni la kodi huzaa riba hadi siku litakapolipwa.

Kisha yako malipo. Kodi ya kila kipindi hulipwa miezi tisa na siku moja baada ya kipindi hicho kuisha. Kipindi cha kwanza kiliisha 5 Septemba 2024, kwa hiyo pauni 12,547.50 zilitakiwa kufikia 6 Juni 2025. Kodi ya mkia ilikuwa ya 1 Julai 2025. Ritani zote mbili, kwa upande wake, zilikuwa na siku moja ya mwisho, 30 Septemba 2025, yaani miezi 12 baada ya kitabu cha hesabu kufungwa. Anayeihesabia kodi kuanzia 30 Septemba ataona ana mpaka Julai kulipa yote, kumbe sehemu kubwa ya deni imeshachelewa karibu mwezi mzima.

Je, mkia huu unaepukika? Mara nyingi, ndiyo, na zipo njia mbili zinazofaa kujulikana.

Ya kwanza inategemea siku uliyoanza kazi kweli. Kipindi cha kodi hakianzi kwa kusajiliwa tu. Huanza kampuni inapoanza biashara au inapopata chanzo cha mapato, na hata riba ya akaunti ya benki inahesabika. Kama kampuni yetu ingekaa kimya Septemba yote, bila riba wala mapato mengine, ikaanza kupika 1 Oktoba 2023, kipindi chake cha kodi kingekuwa 1 Oktoba 2023 hadi 30 Septemba 2024, miezi 12 kamili na ritani moja. Gharama za kawaida za biashara zilizotangulia hazipotei, maana zile za ndani ya miaka saba kabla ya kuanza huhesabiwa kana kwamba zilitumika siku ya kwanza ya biashara. Lakini tarehe ya kuanza ni lazima iwe ya kweli. Ukipokea malipo ya harusi ya 20 Septemba, ulianza Septemba.

Njia ya pili ni kufupisha. Wakurugenzi wanaweza kupeleka fomu AA01 kwa Companies House na kurudisha siku ya kufunga hesabu hadi 31 Agosti 2024. Kipindi kinakuwa cha siku 361, ritani moja, malipo mara moja. Gharama yake ni ndogo: nafuu ya gari inashuka kutoka 2,700 hadi kama 2,670, na mpaka wa chini wa faida unashuka kutoka 50,000 hadi kama 49,450. Kwa kampuni ndogo ningechagua hivi bila kusita, isipokuwa pale ambapo Septemba ina manunuzi makubwa au hasara inayotakiwa iingie kwenye hesabu za kwanza.

Fomu hiyo haina malipo, lakini ina mwisho wake. Lazima ifike kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kwanza, ambayo kwa kampuni ya mfano huu ilikuwa 6 Juni 2025. Kwa hiyo kama wewe au ndugu yako mmefungua kampuni huko, fungueni ukurasa wa kampuni yenu kwenye tovuti ya Companies House leo, mwone hesabu za kwanza zinaishia lini, na mzihesabu siku tangu biashara ilipoanza. Zikizidi miezi 12, amueni mapema kama mtaukata mkia huo au mtaujazia ritani yake.