Penseli Pambizoni mwa Kusadikika

Ukiazima nakala ya Kusadikika iliyokwisha kupita mikononi mwa wanafunzi, utaikuta imejaa mistari. Haishangazi. Shaaban Robert alikuwa mtu wa hekima, na kila kurasa mbili tatu anakuachia sentensi inayotaka kukaririwa. Msomaji aliyeambiwa apigie mstari yaliyo muhimu huipigia ile, na ifuatayo, na ya ukurasa wa pili, hata kitabu kizima kikawa muhimu. Siku ya kuandika insha anafungua kurasa zake na kukuta rundo la maneno mazuri yasiyojibu swali lolote.

Msomaji huyo ametia alama pale mwandishi alipopendeza. Insha inataka zaidi pale kitabu kilipofanya jambo: kilipolirudia, kilipolivunja, kilipolificha, au kilipomfanya msomaji aulize mbona imekuwa hivi. Kwa riwaya hii, iliyotoka mwaka 1951, alama za namna hiyo hazizidi tatu nne, na penseli moja inatosha. (Kalamu za rangi huharakisha mkono kuliko akili.)

Kwa asiyeisoma, kisa chenyewe ni hiki. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Raia mmoja, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anayemshtaki ni Majivuno, waziri wa nchi. Kujitetea kwake Karama ni kusimulia. Anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa ya kuinufaisha nchi: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja anapata taabu njiani, anaona mambo yafaayo kuigwa, anarejea nyumbani na mapendekezo yake, na anaishia kifungoni.

Alama ya kwanza ya kuweka pambizoni ni ya marudio. Andika R. Buruhani anapofungwa, msomaji hana la kuandika ila labda alama ya kuuliza, kwa kuwa ametumwa na amerudi, kosa lake liko wapi? Fadhili anapofungwa naye, hapo ndipo R ya kwanza inapoingia. Kwa Kabuli utaweka nyingine, na kwa Auni pengine utachoka, kwa maana tayari unajua mwisho wake kabla hajafunga safari. Andika na kuchoka huko. Wasomaji wengi hulalamika kwamba hadithi hii inajirudia, kisha hulisahau lalamiko lao waanzapo insha, ilhali ndilo jambo lenye uzito kuliko yote waliyoyaona.

Alama ya pili ni ya msemaji: nani anasema, mbele ya nani, na ana haja gani. Katika Kusadikika alama hii ni ya lazima, kwa sababu sehemu kubwa ya kitabu inatoka kinywani mwa mshtakiwa. Ukisahau kwamba safari zile zinasimuliwa barazani, mbele ya mfalme, na mtu anayepigania roho yake, utazisoma kama ngano sita zilizopangwa foleni. Kila msimulizi anaporudi kuwahutubia wakuu waliokaa mbele yake, weka alama. Usiishie kuandika jina lake, andika na tendo. “Karama” peke yake haitakusaidia mwezi ujao. “Karama anawakumbusha wakuu kwamba wao ndio waliomtuma” itakusaidia.

Alama ya tatu ni ya kitu kinachokwenda kinyume na unachoanza kuamini. Hii ndiyo isiyowekwa na watu wengi, na nitairudia.

Umalizapo kila sura, funga kitabu na uandike sentensi mbili chini ya ukurasa: nini kimetokea, na nini kimebadilika tangu sura iliyopita. Usifungue kuchungulia. Ukishindwa kutaja kilichobadilika, ama hukusoma vizuri, ama hakikubadilika kitu, na hilo la pili ni habari ya kuandikwa. Kama kitabu ni cha maktaba au cha mwenzako, alama ziende daftarini pamoja na namba ya ukurasa na jina la sura, kwa kuwa riwaya hii imechapishwa mara nyingi na ukurasa wa nakala moja huenda usiwe ule wa nyingine.

Sasa insha. Tuseme swali ni: Jadili ufundi wa usimulizi katika Kusadikika. Mwanafunzi wa mistari mingi ataanza na Buruhani, amweleze, aende kwa Fadhili, amweleze, na hivyo hivyo hadi Amini. Hiyo ni kazi ya kusimulia upya. Dalili yake huonekana mapema: kila aya inaanza na jina la mhusika, na sentensi zinaungwa kwa “kisha” na “baadaye”.

Mwenye R tano pambizoni ana njia nyingine. Anazihamisha zote kwenye karatasi moja, anazitazama kwa pamoja, na anaunganisha na zile alama za msemaji. Hapo maswali mawili yanagongana: kwa nini hadithi moja isimuliwe mara sita, na kwa nini isimuliwe na mshtakiwa? Jibu linajitokeza lenyewe. Mjumbe mmoja akifungwa, serikali inaweza kusema ni bahati mbaya. Wakifungwa sita, ni desturi. Karama hakusimulia ili kuwaburudisha wakuu; alikuwa akipanga ushahidi, na marudio yale ni mashahidi wanaopanda kizimbani mmoja baada ya mwingine. Aliyeletwa kama mshtakiwa anageuka mshtaki.

Aya ya insha inaweza basi kuanza hivi: “Marudio ya visa sita katika Kusadikika ni hoja ya kisheria. Kila kifungo kinathibitisha kingine, hata baraza linalomhukumu Karama linajikuta ndilo linalochunguzwa.” Baada ya hapo unachagua wajumbe wawili, si sita. Buruhani anafaa kwa kuwa ndiye wa kwanza na kifungo chake bado kinashangaza. Amini anafaa kwa kuwa ndiye wa mwisho, na kifungo chake hakimshangazi mtu tena. Tofauti ya mshangao huo ndiyo unayoieleza. Wanne waliobaki wanapata sentensi moja, na alama zako nyingi zinabaki karatasini bila kutumika. Alama kumi zikikupa aya mbili, umefanya vizuri.

Imebaki ile alama ya tatu. Mwishoni Karama anashinda, na wajumbe waliofungwa wanaachiwa. Msomaji mwenye hoja safi mkononi hufurahi na kufunga kitabu. Aliyekuwa macho ameandika pambizoni: “Anayewaachia ni nani?” Ni mfalme yule yule ambaye vifungo vile vilipita chini ya utawala wake. Karama alidai elimu ya sheria, naye akaokolewa na uamuzi wa mtu mmoja mwenye enzi. Je, sheria imeshinda, au mfalme ameongoka? Hapo unaweza kukumbuka kwamba kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na kwamba mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, lakini usilifanye hilo jibu la mkato. Lipe aya yake, karibu na mwisho, uonyeshe kwamba ushahidi wa Karama ulilishinda baraza bila kuubadili mpango wa nani ana neno la mwisho. Kisha rudi kwenye sentensi yako ya kwanza uirekebishe, kwa sababu “baraza linajikuta ndilo linalochunguzwa” bado ni kweli, ila uchunguzi huo haukumgusa kila aliyekuwemo.