Fahamu: Kwa nini Windows hutaka Ctrl+Alt+Delete kabla ya nywila

Tuseme uko kwenye saiba mtaani Buxton, Mombasa, na kompyuta inaonyesha ukurasa wa kuingilia. Huenda aliyekutangulia hakutoka, bali ameacha programu iliyochora ukurasa ule ule, ikingoja uiandikie nywila yako.

Bonyeza Ctrl+Alt+Delete kwanza. Tangu Windows NT ya mwaka 1993, vitufe hivyo vitatu hupokewa na mfumo wenyewe na kukabidhiwa Winlogon, sehemu ya Windows inayosimamia kuingia. Programu ya kawaida haiwezi kuvizuia. Winlogon hufungua skrini yake ya pekee, ambayo programu za mtumiaji haziichungulii. Ukiona orodha yenye Lock na Sign out badala ya nafasi ya nywila, ujue kuna mtu bado yumo ndani, na ule ukurasa ulikuwa bandia. Usiandike chochote, chagua Sign out.

Kinga hii ina mpaka. Kifaa kilichochomekwa kati ya kibodi na kompyuta hunasa kila herufi, basi kagua waya pia. Na kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 zisizo za ofisini haziitishi hatua hii; mwenye saiba ataiwasha kwa kufungua netplwiz, sehemu ya Advanced.