Baiskeli Ngerengere (2): Mzigo Uliposhuka Kichwani

Makala iliyopita iliishia stesheni. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 ikipitia Ngerengere, na mashamba ya mkonge yakaenea kando yake. Leo tutoke stesheni tuingie vijijini, kwa sababu treni haikumfuata mkulima nyumbani kwake. Kati ya shamba na reli palikuwa na kichwa cha mtu, na mara nyingi kichwa hicho kilikuwa cha mwanamke.

Tuchukue kijiji kilicho kilomita 15 kutoka stesheni. Mama mwenye kilo 20 za mahindi kichwani hutembea kama saa tatu na nusu kwenda, na karibu saa tatu kurudi. Siku imekwisha. Akiwa na kilo 60 za kuuza, itambidi aende siku tatu. Baiskeli hupakia kilo hizo 60 kwa safari moja. Njia ikiwa tambarare, mwenye baiskeli atafika kwa saa mbili, hata akishuka kusukuma penye mchanga, na kurudi bila mzigo hakumchukui zaidi ya saa moja na nusu. Akiondoka alfajiri, adhuhuri yuko nyumbani na fedha mfukoni.

Lakini baiskeli iliundwa kumbeba mtu, haikuundwa kubeba gunia la mkaa. Wapakiaji walijifunza kwa kuanguka. Gunia likikaa nyuma sana ya ekseli, gurudumu la mbele huinuka na usukani hauongozi tena. Kwa hiyo huvutwa mbele hadi liguse tandiko, likafungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, maana mpira hubana mzigo unapotikisika, ilhali kamba hulegea. Karia ya dukani haistahimili. Fundi huiongezea nondo mbili zinazoshuka hadi kwenye ekseli, ili uzito ukae juu ya ekseli na si juu ya fremu.

Kinachokufa kwanza ni spoku za gurudumu la nyuma, hasa za upande wa mnyororo, kwa kuwa zimekazwa kuliko za upande wa pili. Ukisikia mlio mfupi wa chuma kukatika, kisha rimu ikaanza kugusa breki kila inapozunguka, shuka hapo hapo. Spoku moja ikikatika, jirani zake hubeba uzito wake, nazo hufuata. Masika huleta tabu nyingine: udongo mweusi hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likwame, ndiyo maana baiskeli nyingi za mizigo zimevuliwa madigadi.

Na baiskeli ina mpaka wake. Ukiiacha Ngerengere ukaelekea Uluguru, kwenye njia za Kinole na Matombo, mteremko huishinda. Huko mkungu wa ndizi bado hushuka kichwani hadi barabarani, na baiskeli huupokea chini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mzigo ulipohamia kwenye karia, haukumpumzisha mwanamke tu, ulimhama pamoja na bei yake. Baiskeli ilinunuliwa kwa fedha taslimu, na aliyekuwa na fedha hizo, za mshahara wa mkonge au za mkaa, alikuwa mwanaume. Maji ni mfano ulio wazi. Yakiwa kichwani, ni kazi ya nyumbani isiyolipwa. Yakipakiwa madumu manne ya lita 20 kwenye baiskeli, ni biashara, na mwenye biashara ni kijana wa kiume. Mama akabaki na ile mizigo isiyouzika: kuni za jikoni, maji ya kupikia, mtoto mgongoni.

Shuleni mkondo ukawa huo huo. Kuanzia mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya sekondari ulieneza shule za kata, lakini kata ni pana, na mtoto wa kijiji cha pembeni bado ana safari ndefu kila asubuhi. Mvulana hujifunza baiskeli ya baba kabla hajafikia tandiko: hupenyeza mguu chini ya lile bomba la juu, akaendesha ameinama upande. Msichana mwenye sketi ya shule akijaribu hivyo huchekwa, na akikua bomba lenyewe humzuia kupanda. Naye ndiye aliye hatarini zaidi njiani kukiwa bado giza.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, na wafadhili wanaotoa baiskeli kwa shule zetu: nunueni zenye fremu iliyoshuka katikati, zisizo na bomba la juu, na mkabidhini binti mwenyewe mbele ya baba yake, mkiwa mmeelewana kwamba siku za masomo karia hiyo haitapakiwa mkaa.