Kupanga Namba Bila Kuzilinganisha

Chukua kadi tano zenye namba 472, 318, 475, 312 na 178. Ukitaka kuzipanga kwa kuuliza tu "kati ya hizi mbili ipi kubwa?", huenda ukalazimika kuuliza mara saba. Kadi tano zina mipangilio 120 inayowezekana, na maswali sita yenye majibu mawili mawili hutenganisha mipangilio 64 tu. Kwa namba milioni moja, kikomo hicho hufika ulinganisho milioni 18 na nusu hivi, hata programu iwe hodari namna gani.

Mashine za kupanga kadi zenye matundu, kama IBM 80 ya mwaka 1925, hazikuuliza swali hilo kabisa. Zilisoma safu moja ya kadi na kuidondosha kadi katika mfuko wa tarakimu yake. Swali lao, "tarakimu yako ni ipi?", lina majibu kumi, si mawili. Kikomo kile bado ni kweli, ila kinawahusu wanaolinganisha tu.

Ajabu ni kwamba kazi huanzia kwenye mamoja. Zamu ya kwanza inatoa 472, 312, 475, 318, 178. Ya pili, kwa makumi: 312, 318, 472, 475, 178. Ya tatu, kwa mamia: 178, 312, 318, 472, 475. Zimekwisha kupangika! Siri ni kwamba kadi zenye tarakimu sawa hubaki katika mfuatano zilioingia nao. Mwendeshaji akipindua fungu la 4 katika zamu ya mwisho, 475 itatangulia 472. Mamia yatakuwa sawa, yaliyo ndani yake yatakuwa vurugu. Ukiona kosa la namna hiyo, kagua mfuatano wa mafungu kwanza.

Kwenye kompyuta palikuwa na tatizo: kila mfuko utengewe nafasi kiasi gani? Mwaka 1954 Harold Seward, akiwa MIT, alionyesha kwamba inatosha kuhesabu kwanza. Katika mamoja yetu, 2 imetokea mara mbili, 5 mara moja, 8 mara mbili. Basi wenye 2 wana nafasi ya kwanza na ya pili, mwenye 5 ya tatu, wenye 8 ya nne na ya tano. Unapita tena, kila namba inawekwa pake.

Alama za mtihani, 0 hadi 100, zinahitaji visanduku 101 tu vya kuhesabia, hata watahiniwa wawe milioni. Lakini ukihesabu kwa mkupuo mmoja namba za simu za tarakimu tisa, utahitaji visanduku bilioni moja. Afadhali zamu tisa za visanduku kumi. Na kama orodha yako ina namba ishirini tu, au majina marefu yasiyolingana urefu, rudi kwenye kulinganisha: hapo njia hii haikupi faida yoyote.