Kwa Nini Ncha Mbili Hutosha, na Lini Hazitoshi

Sehemu ya pili ya nadharia ya msingi ya kalkulasi hutuambia hivi: ukitaka eneo lililo chini ya grafu ya f kuanzia a hadi b, tafuta funksheni F ambayo mteremko wake ni f, kisha kokotoa F(b) − F(a). Inakuwaje thamani mbili za pembeni zibebe habari za kila kilichomo katikati?

Gawa umbali huo vipande vyembamba. Ndani ya kipande kimoja, F hubadilika kwa kiasi kinachokaribiana sana na mteremko wake ukizidishwa kwa upana wa kipande. Mteremko huo ni f, yaani kimo cha grafu, na kimo mara upana ni eneo la ukanda huo. Basi kila badiliko dogo la F ni eneo la ukanda mmoja. Ukiyajumlisha mabadiliko yote, kila thamani ya F iliyo katikati hujitokeza mara mbili: mara moja ikijumlishwa, mara moja ikitolewa. Zote zinafutana, zinabaki za nchani.

Hoja hii inadai kwamba katika kila kipande badiliko la F liwe kweli eneo la ukanda wake. Hapo ndipo watu hukosea. Chukua 1/x² kuanzia −1 hadi 1. Hapa F(x) = −1/x, na mwenye haraka ataandika F(1) − F(−1) = −1 − 1 = −2. Lakini 1/x² ni chanya daima, na grafu iliyo juu ya mhimili haiwezi kuwa na eneo hasi.

Kosa limejificha wapi? Tenga kipande cha kuanzia −0.01 hadi 0.01. Kulia kwake, kutoka 0.01 hadi 1, eneo ni −1 + 100 = 99. Kushoto pia ni 99. Jumla ni 198, na ni sahihi kabisa. Katika kile kipande cha kati, F huruka kutoka 100 hadi −100, badiliko la −200, ambalo si eneo la chochote. Na 198 − 200 ndiyo ile −2. Ukizidi kukibana kipande cha kati, maeneo ya pembeni hukua bila kikomo, kwa hiyo integrali hii haina thamani.

Je, kila mahali f inapolipuka jibu hukosekana? La. Chukua x^(−2/3) kuanzia −1 hadi 8. Nayo hulipuka kwenye 0, lakini F(x) = 3x^(1/3) hupita 0 bila kukatika. Upande wa kushoto hutoa 3, wa kulia 6, na F(8) − F(−1) = 6 + 3 = 9, jibu sahihi.

Kwa hiyo kabla ya kuweka ncha, tafuta mahali f inapokosa thamani kati ya a na b. Ukipapata, kata integrali hapo, usogelee kila upande peke yake. Ikiwa hata upande mmoja hauna kikomo, integrali nzima haina thamani.