Minazi Minne na Shahidi Mmoja

Tangu Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 zianze kutumika nchini Kenya, anayefungua kesi ya madai hutakiwa kuwasilisha pia taarifa za mashahidi wake zilizotiwa saini. Siku ya kusikilizwa, mara nyingi shahidi huiomba mahakama ipokee taarifa yake iwe ndiyo ushahidi wake, kisha wakili wa upande wa pili huanza kumhoji. Maswali hayo hupita mle mle palipoandikwa kwa haraka, ndiyo maana taarifa inafaa ipitiwe sentensi kwa sentensi kabla ya kutiwa saini.

Tuseme mkulima wa Kilifi ameandika hivi: “Jirani yangu ana wivu. Usiku ule alikuja na watu wake wakakata minazi yangu minne. Nilisikia panga, nikatoka, nikakuta minazi imelala. Mke wangu alimwona. Alishanitishia mara nyingi. Anataka kuchukua shamba langu.”

Tuanze na wakati. “Usiku ule” ni usiku upi? Na vitisho vilitangulia au vilifuata? Halafu tazama “nikatoka, nikakuta”. Ukisimulia hivyo barazani, kila mtu anaelewa kwamba jambo moja lilifuata jingine papo hapo. Muulize mkulima polepole, naye atakwambia kwamba alisikia panga kabla ya adhana ya alfajiri, akaogopa, akabaki ndani, akatoka jua lilipochomoza. Hapo kuna zaidi ya saa nzima ambayo haikuandikwa, na ndani ya saa hiyo hakumwona mtu yeyote. Wakili wa jirani akiligundua pengo hilo mwenyewe, shahidi ataonekana mwongo hata kama hakukusudia kudanganya. Akiwa hakumbuki tarehe, asiibuni. Aandike “siku ya tatu baada ya Idi”, ikiwa ndivyo anavyokumbuka.

Baada ya hapo kila sentensi iulizwe swali moja: umejuaje? Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 63, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona, la kusikika lisemwe na aliyelisikia. Kwa kipimo hicho, “alikuja na watu wake” haisimami, kwa sababu mkulima alikuwa ndani. Alichonacho ni mlio wa panga upande wa kisima na visiki vinne vibichi asubuhi. Ni kidogo, lakini ni chake na hakitikisiki. Aliyemwona jirani ni mke, kwa hiyo mke aandike taarifa yake mwenyewe: alisimama wapi, palikuwa na mwanga gani, alimtambua kwa sura, kwa sauti au kwa mwendo.

Vitisho vina habari nyingine. Wengi hudhani kila neno la mtu mwingine ni uvumi wa kufutwa, na hapo hujipunja. Katika kesi ya Subramaniam ya 1956, iliyotoka Malaya, Baraza la Faragha mjini London lilieleza kwamba maneno ya mtu mwingine hayawi uvumi yanapotolewa kuonyesha tu kwamba yalisemwa, si kwamba ni ya kweli. Tena hapa msemaji ni mdaiwa mwenyewe. Basi “alishanitishia mara nyingi” isifutwe, ifunguliwe: lini, wapi, nani alikuwepo, na alitamka maneno gani hasa. Kitisho kimoja chenye mahali na maneno yake kina uzito kuliko “mara nyingi” kumi.

Yanabaki “ana wivu” na “anataka kuchukua shamba”. Hayo yamo moyoni mwa jirani, na mkulima hana macho ya kufika huko. Kama alimwona akipima mpaka kwa kamba, aseme hilo, hakimu ataunganisha mwenyewe.

Anayepitia taarifa naye ana hatari yake, nami naiona kubwa kuliko zote. Akiuliza “ulimwona akiwa na panga, sivyo?” tayari amempa shahidi kumbukumbu ambayo hakuwa nayo. Aulize “kisha nini kikatokea?” na anyamaze. Rasimu ya kwanza aihifadhi, na maneno yabaki ya mkulima; lugha ya kiwakili kinywani mwa mkulima hufichuka kwenye swali la pili.

Taarifa mpya sasa inasomeka hivi: “Siku ya tatu baada ya Idi, kabla ya adhana ya alfajiri, nilisikia mlio wa panga upande wa kisima. Sikutoka kwa sababu niliogopa. Jua lilipochomoza nilikuta minazi yangu minne imekatwa.” Zile dhana zilizoondolewa wakili aziandike pembeni kwenye daftari lake. “Anataka shamba” humwelekeza aulize kama jirani aliwahi kuomba kulinunua, na kama kuna ujumbe wa simu au barua inayoonyesha hivyo.