Panja Zinazopotea Chini ya Mtandio

Ukitaka kujua kama namna unavyojifunga hijabu inaziumiza nywele zako, usianze na nywele zilizonasa kwenye kitana. Simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, rudisha nywele nyuma kwa kiganja bila kuzivuta, kisha tazama panja: pale mbele na juu ya masikio, nywele zinapoanzia. Kichwa kinachovutwa kila siku huonyesha dalili hapo kabla ya mahali pengine popote. Utaona sehemu ambayo nywele zimekuwa chache au ngozi imebaki tupu, lakini mbele yake kabisa, ukingoni, pamesalia mstari wa vijinywele vifupi na laini. Vijinywele hivyo vimepona kwa sababu ni vifupi mno kushikwa na mpira au kibanio. Madaktari wa ngozi huutumia mstari huo kutambua upara unaotokana na kuvutwa.

Kitambaa chenyewe husingiziwa makosa mengi yasiyo yake. Huambiwa kinazinyima nywele hewa, eti ndiyo maana zinakatika. Unywele unaouona umekwisha kufa, hauvuti pumzi. Kilicho hai ni shina lake ndani ya ngozi, nalo hulishwa na damu. Mwaka 1907 mtafiti wa Austria, Rudolf Trebitsch, aliandika juu ya wanawake wa Grinlandi waliopata upara wa pembeni kwa sababu ya kufunga nywele kwa kuzivuta juu. Upara wa aina hiyo umeonekana pia kwa wanaume wa Kisikhi, ambao hukaza nywele ndefu chini ya kilemba. Afrika Kusini, utafiti uliofanywa Cape Town ulikuta takriban mwanamke mmoja kati ya watatu ana upara wa kuvutwa, na wengi wao walikuwa watu wa misuko na dawa za kulainisha nywele. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nini kinachovuta chini ya mtandio wako, na kwa saa ngapi.

Hebu tumfuate mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, kwa mfano. Saa kumi na moja alfajiri anaoga, anazikusanya nywele kichogoni kwa mpira mwembamba na kuzizungusha kuwa fundo. Juu ya fundo anaweka donge la kitambaa ili mtandio ukae vizuri. Anavaa kikofia cha ndani cha kunyumbulika, anakishusha hadi katikati ya paji, kisha anazungushia mtandio na kuubana kwa pini upande wa kulia, kila siku upande huohuo. Anarudi nyumbani saa tisa. Anaishi nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na wapangaji wengine, wanaume wakiwamo, kwa hiyo havui mpaka usiku. Hapo kichwa kimevutwa sehemu zilezile kwa muda unaozidi saa kumi na tano.

Ndiyo maana ushauri wa kuambiwa “ukifika nyumbani vua” hauwasaidii wanawake wengi wa pwani. Linalowezekana ni kubadilisha. Akifika tu, aingie chumbani, afungue fundo, avue kikofia, asuke mikia miwili iliyolegea, kisha ajitupie kanga ya pamba kichwani bila kuikaza. Stara inabaki, na panja zinapumzika nusu ya siku.

Asubuhi nako kuna ya kurekebisha. Mpira mwembamba ungeachwa kabisa, ukafungiwa utepe mpana wa kitambaa. Fundo liwe chini, karibu na shingo, na wiki inayofuata lihamie juu kidogo au ligawanywe mafundo mawili, ili mzigo usikae kwenye mashina yaleyale. Lile donge la kitambaa ningelitoa. Linaongeza uzito, na ili lisianguke humlazimu mtu akaze kila kitu kinacholizunguka.

Kikofia cha ndani kipimwe kwa kidole: cha shahada kiingie kati ya kikofia na paji bila kusukuma. Ukivua ukakuta mstari mwekundu uliodidimia, au ukasikia raha kichwa kizima kama mtu aliyetua mzigo, kilikuwa kinabana. Nywele zinazovunjika ukingoni mara nyingi zimekwaruzwa na pamba kavu, na satini hupunguza mkwaruzo huo. Tatizo la satini ni kwamba huteleza. Mtandio ukianza kurudi nyuma, mwanamke hukaza zaidi au huongeza pini, na faida yote hupotea. Njia nzuri ni kikofia cha pamba nyepesi ambacho mshonaji amekitia ukanda wa satini kwa ndani, kwenye ukingo tu, upana wa vidole vitatu. Upande wa nje unabaki pamba, kwa hiyo mtandio unashika wenyewe. Pini nayo ishike kitambaa kwa kitambaa, isishike nywele.

Pale Tanga kuna jambo la pili, nalo ni maji. Mwalimu wetu anaoga alfajiri na kutoka kabla kichwa hakijakauka. Katika joto lile la unyevu, nywele nzito zilizofungwa fundo zinaweza kufika adhuhuri mizizi yake bado mibichi. Unywele uliolowa huvimba na kuwa dhaifu, kwa hiyo kuukaza ukiwa hivyo ni kuuvuta wakati hauna nguvu. Ngozi nayo ina fangasi wake wa kawaida, aitwaye Malasezia, anayeishi kwa mafuta ya kichwa. Jasho, joto na maji yasiyokauka humpa nafasi ya kuzidi. Ndipo huja mba, muwasho, magamba ya manjano nyuma ya masikio, na ile harufu inayomfanya mwanamke aone haya hata kwa dada wa saluni.

Dawa ya kwanza ni kuhamisha siku na saa ya kuosha. Nywele zioshwe jioni, mara moja kwa wiki, zigawanywe mafungu manne, zikamuliwe kwa fulana kuukuu ya pamba bila kusugua, kisha ziachwe wazi chumbani. Kabla ya kufunga, ingiza ncha za vidole hadi kwenye ngozi ya kichogo, ambapo hukauka mwisho. Pakiwa na ubaridi, bado. Ukiwa na mashine ya kukaushia, tumia hewa vuguvugu na uishike mbali na kichwa.

Msomaji atauliza kuhusu josho la janaba, maana hilo halingoji jioni ya kuosha nywele. Katika hadithi ya Ummu Salama iliyopokewa na Muslim, mwanamke aliyesuka hakutakiwa kufumua nywele zake kwa josho hilo. Ilitosha ajimiminie maji kichwani mara tatu. Kwa josho la hedhi wanachuoni wametofautiana, kwa hiyo muulize unayemwamini. Lakini kwa janaba, mikia iliyolegea inaweza kubaki. Baada ya kuoga, bonyeza taulo kwenye mistari ya ngozi kati ya misuko, maana sehemu hiyo ndiyo inayohitaji kukauka kabla ya mtandio. Udhu hauna shida hiyo. Kupaka kichwa kwa mkono uliolowa hakufikishi maji mengi kwenye mizizi.

Mba ukishaingia, mazoea yetu ni kupaka mafuta ya nazi kwenye ngozi ili magamba yalainike. Yanalainika kweli, lakini fangasi naye analishwa, na kikofia kinayafungia mafuta yale hapohapo mchana kutwa. Mafuta ya nazi yana faida yake kwenye urefu wa nywele, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele na kuupunguzia upotevu wa protini wakati wa kuosha. Yapake huko, usiku wa kuamkia siku ya kuosha, na ngozi uiache. Kwa ngozi yenye mba, uliza duka la dawa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2. Igawe nywele, paka kwenye ngozi tu, ngoja dakika tano, suuza. Kawaida ni mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, ila mwenye nywele kavu za kipilipili anaweza kutosheka na mara moja kwa wiki, akifuatisha na kilainishi kwenye urefu. Mba ukitulia, itumie kila baada ya wiki moja au mbili, la sivyo hurudi. Usisahau kufua vikofia. Uwe navyo vya kutosha kubadilisha kila siku, na uvianike juani.

Mwalimu wetu akiacha kuvuta leo, asitarajie kitu mwezi huu. Shina lililochoka hupumzika kabla ya kuotesha tena, na unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Mara nyingi vijinywele vipya huanza kuonekana baada ya miezi mitatu, na panja kujaa kunaweza kuchukua mwaka. Apige picha ya panja zote mbili kila mwezi, kwenye mwanga uleule, maana kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya polepole. Katika miezi hiyo asisuke rasta wala mistari inayoanzia ukingoni. Dada wa saluni akisema msuko ukiuma ndiyo umekaza vizuri, amwambie aufumue palepale. Maumivu, vipele vidogo kwenye mizizi na kuumwa kichwa usiku wa kwanza ni dalili kwamba mashina yanadhurika.

Kuna wakati kuacha kuvuta hakutoshi. Ngozi ya panja ikiwa laini na inang'aa, na ukiitazama kwa karibu huoni tena vitundu vya nywele, kovu limeshajenga, na nywele za hapo hazitarudi kwa mafuta yoyote. Nywele zikipungua utosini na mahali penyewe pana muwasho au moto, huo ni ugonjwa mwingine unaoweza pia kuacha kovu, na hauwezi kungoja. Zikipukutika kichwa kizima miezi michache baada ya kujifungua, kwa kawaida hurudi zenyewe. Zikiendelea, damu ipimwe akiba ya madini ya chuma. Na binti wa madrasa mwenye mabaka ya duara yaliyonyonyoka yenye magamba ana mapunye: anahitaji dawa ya kumeza, kwa sababu ya kupaka haifiki kwenye mzizi, na kikofia chake asiazimane na wenzake.

Wanawake wengi huchelewa kwa sababu mtandio unaficha, na kwa sababu hawataki kufunua kichwa mbele ya daktari mwanamume. Unayo haki ya kuomba daktari au muuguzi mwanamke awepo, na chumba kifungwe. Tanzania ina madaktari na matabibu wa ngozi waliosomea Moshi, kwenye kituo cha mafunzo cha kanda kilichopo KCMC tangu miaka ya 1990, na hospitali ya mkoa inaweza kukuelekeza kwa aliye karibu. Nenda nywele zikiwa zimefumuliwa, bila mafuta wala rangi ya kufichia ukingo. Chukua picha zako za kila mwezi na kikofia unachovaa kila siku, umweleze unavyojifunga tangu alfajiri, upande gani na kwa saa ngapi. Kama daktari anafikiria kukupa minoksidili, mwambie mapema ikiwa una mimba au unanyonyesha.